Vina vya Bure: Kusoma Ubeti wa Kadi ya Mahafali

Wahakiki wetu wamezoea kuandika juu ya diwani. Kadi hatuiandikii. Lakini ukihesabu macho yanayosoma ushairi wa Kiswahili kwa mwaka mmoja, ukawaweka kando wanafunzi wanaolazimishwa na mtaala, sidhani kama kuna diwani inayoifikia kadi ya mahafali. Inanunuliwa stesheni ya mtaani, inasomwa na mshereheshaji kwenye kipaza sauti, inawekwa juu ya kabati la vyombo, na miaka kumi baadaye bado ipo kwenye begi la vyeti. Basi leo hebu tuisome kwa makini yale yale tunayowapa malenga.

Ubeti ufuatao sikuunakili kwenye kadi ya mtu. Nimeutunga mwenyewe kwa kukusanya tabia za kadi nyingi za kidato cha nne nilizowahi kuzishika, ili tuwe na kitu cha kukichambua bila kumkwaza mchapishaji yeyote.

Hongera nakupatia, kwa kuhitimu shuleni,
Furaha imeingia, nyumbani na mitaani,
Ushindi umefikia, umeshinda mtihani,
Mungu atakujalia, ufike juu angani.

Umeshausoma, si ndiyo? Hata kama ni mara yako ya kwanza, unahisi umeshausoma.

Tuanze na haki yake, maana inayo. Kwa kanuni ubeti huu hauna doa. Ni tarbia, mishororo minne. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane. Hesabu kwa vidole: u-me-shi-nda-m-ti-ha-ni, nane kamili, kwa kuwa ile "m" ya mtihani inasimama kama silabi peke yake. Vina vya kati ni "a" mwanzo hadi mwisho, tena vyote vimetanguliwa na "i", kwa hiyo sikio linapata "ia" mara nne. Vina vya mwisho ni "ni". Ukiupima kwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi*, cha mwaka 1954, unapita bila kusahihishwa. Wale waliobishana miaka ya sabini, baada ya Kezilahabi kuchapisha *Kichomi* mwaka 1974, kama shairi lisilo na vina ni shairi kweli, wangekubaliana angalau kwamba hili lina vina na mizani.

Sasa mbona halisemi kitu?

Jibu jepesi ni kwamba mtunzi hana kipaji. Sikubaliani nalo. Mtu anayeweza kupanga mizani sitini na nne bila kuteleza si mbumbumbu. Tatizo liko kwenye vina alivyovichagua, na ili kuliona inabidi tukumbuke jinsi lugha yetu ilivyojengwa.

Kiswahili kinagawa vina bure. Chukua jina lolote la mahali au la kitu, libandike "ni": shule inakuwa shuleni, mtaa mtaani, anga angani, kabati kabatini, sufuria sufuriani. Umepata kina, na hujatafuta neno. Vivyo hivyo kauli ya kutendea. Pata inakuwa patia, fika inakuwa fikia, andika inakuwa andikia. Nusu ya vitenzi vya kamusi vinaweza kusimama mwisho wa ukwapi ukivivalisha "ia", na vingi vya vilivyobaki vitakubali "ea". Kwa mtunzi mwenye haraka hii ni neema. Kwa msomaji ni hasara, kwa sababu kina kilichopatikana bila kutafutwa hakimlazimishi mtunzi kufikiri. Kazi mojawapo ya kina ni hiyo hasa: kumzuia mtu asiseme neno la kwanza lililomjia, akazunguka kutafuta jingine, na katika kuzunguka huko akakutana na kitu ambacho hakukijua wakati anaanza.

Tazama kilichotokea kwenye ubeti wetu. "Hongera nakupatia." Nani anasema hivyo? Watu wanasema "hongera", au "nakupa hongera". Kumpatia mtu kitu ni kumtafutia hadi akipate, kama kumpatia kazi au chumba cha kupanga. Hapa kitenzi kimerefushwa ili mizani itimie na kina kitokee. "Ushindi umefikia" nao umening'inia. Umefikia wapi? Kufikia kunadai mahali, na mahali hapakutajwa. Mbili zilizobaki, "imeingia" na "atakujalia", zina "ia" yake halali, lakini zimekuja kwa kuwa zilikuwa karibu.

Upande wa utao hali ni hiyo hiyo. Shuleni: sawa, watu wanahitimu shuleni, wangehitimu wapi tena. Mitaani: furaha ya mtoto wa mtu mmoja kuingia mitaani ni chumvi, ila harusi na mahafali zina ruhusa ya chumvi. Angani: mhitimu apelekwe angani kufanya nini? Mtunzi alitaka kusema "ufike mbali", lakini mbali haiishii na "ni".

Kati ya vina vinne vya mwisho, kimoja tu kina "ni" ambayo ni mali yake: mtihani. Ukiiondoa "ni" hiyo, neno linakufa. Hilo ndilo neno pekee katika utao lililo na uzito wa shule ndani yake. Na hapo hapo ndipo ubeti unaposema jambo lisilo kweli.

Mahafali ya kidato cha nne Tanzania kwa kawaida hufanyika Septemba au Oktoba. Mtihani wa taifa huanza Novemba. Matokeo ya Baraza la Mitihani husubiriwa hadi mwaka unaofuata, kwa kawaida Januari. Maana yake siku ile mtoto anapovishwa shada, akapigiwa vigelegele, akakatiwa keki, hajafanya mtihani. Amemaliza masomo, na shule inampa cheti cha kuhitimu kinachosema hivyo tu, kwamba alikuwapo na amemaliza. Kufaulu ni habari nyingine kabisa. Kidato cha sita ni vivyo hivyo: sherehe kwanza, mtihani baadaye.

Kadi yetu inamwambia mtoto wa Oktoba "umeshinda mtihani" wa Novemba.

Najua utasema ni kadi tu, na anayeisoma anaelewa ni maneno ya heri. Lakini fikiria Januari. Matokeo yametoka, jina limetafutwa kwenye simu ya jirani, na mbele ya jina pana sifuri. Mtoto anarudi chumbani, na juu ya kabati kadi bado imesimama, kwa mwandiko wa mtu anayempenda, ikimwambia ameshinda. Au fikiria yule aliyepita kwa shida, ambaye nyumbani kila mtu alishasema ameshinda kabla hajakaa kwenye kiti. Pongezi iliyotangulia tukio inageuka kuwa deni. Kadi haikumwombea ushindi, imemtangazia, na kazi ya kuutafuta imebaki kwake.

Kinachouma ni kwamba marekebisho yake ni madogo mno. Kiswahili kina njia iliyo wazi ya kutofautisha lililokwisha kuwa na linaloombewa. "Umeshinda" ni habari. "Ushinde" ni dua. Mtunzi angeandika "ukashinde mtihani", mizani ni ile ile nane (u-ka-shi-nde-m-ti-ha-ni), kina ni kile kile, na uongo umeondoka. Silabi mbili tu zimebadilika, na kadi imerudi upande wa mtoto: inamtuma aende akashinde, huku mwenye kadi akimwombea. Kama wewe ni mtu wa stesheni, au unatungia kadi, na hukusudii kuchukua kingine chochote kwenye makala haya, chukua hilo.

Kuna kosa la tatu, na hili si la mtunzi peke yake. Ubeti hauna msemaji. "Nakupatia" ni nani? Kadi ya kuchapwa lazima imfae baba, shangazi, rafiki wa darasani, mchumba anayejificha na mwajiri wa mama. Ikitaja lolote la mmoja inawafungia mlango wengine, kwa hiyo haitaji lolote. Hata jina la mhitimu haiwezi kulibeba ndani ya ubeti, kwa sababu Asha ana silabi mbili, Neema tatu, na Emanueli tano, na nafasi iliyoachwa wazi haiwezi kujua nani atakuja kuikalia. Hiyo ni biashara, siilaumu. Lakini ndiyo sababu kadi nzuri kuliko zote ni ile ambayo ndani yake pako peupe, mtu akaandika ubeti wake mwenyewe.

Nina mfano. Shangazi yangu anauza vitumbua. Binti yake alikuwa anamaliza kidato cha nne, akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si unaandika magazetini? Niandikie vina vya kadi." Sikumwuliza anataka kusema nini, kwa sababu swali hilo linaleta "hongera" na "Mungu akubariki". Nilimwuliza binti anaamka saa ngapi. Akacheka. "Anaamka nikiwasha moto. Saa kumi. Mimi nakaanga, yeye anasoma hapo hapo jikoni, taa ni moja." Na jioni? "Jioni anafua shati. Ana mashati mawili, moja limechakaa kola, hataki kulivaa."

Hapo ubeti ulikuwa umeshapatikana, bado kuupanga. Nikatafuta vina visivyokuja bure. Neno la siku ile ni kidato, na kidato kinaishia na "to". Silabi hiyo si kiambishi cha kubandika, inakaa ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo maneno yake ni machache na kila moja lina sura: moto, mto, joto, zito, mtoto, ndoto. Ndoto nikaiweka pembeni mapema, maana imechoka kwenye kadi kuliko neno lolote. Upande wa utao nikachukua "ti", nikashangaa jinsi shule ilivyojaa humo: cheti, shati, dawati, kiti, wakati. Ukiwa na orodha mbili za namna hii mbele yako, ubeti unaanza kujipanga wenyewe kabla hujaandika mshororo.

Umemaliza kidato, mwanangu, pokea cheti,
Uliamka na moto, usiku kufua shati,
Novemba ni kazi nzito, bado lakwita dawati,
Liwe liwalo, mtoto, nyumbani unacho kiti.

Sisemi huu ni ushairi mkubwa. Nauleta tuone kila mshororo ulilipa nini.

Wa kwanza unasema ukweli wa siku, na unakomea hapo: umemaliza, cheti hiki hapa. Haukutaja ushindi. "Mwanangu" ina silabi tatu, kwa hiyo mama akitaka kutaja jina anaweza kuling'oa neno hilo akaweka Neema au Rehema, mizani isitikisike. Jina likiwa la silabi mbili, kama Asha, aanze na "we": "we Asha, pokea cheti". Ndivyo mama anavyomwita hata hivyo.

Wa pili ni wake shangazi, mimi nimeupima tu. "Uliamka na moto" mgeni ataelewa kwamba mtoto aliamka mapema, au aliamka na bidii, na hakuna ubaya. Mhitimu mwenyewe ataelewa moto upi. Atasikia harufu ya mafuta. Hiyo ndiyo faida ya kadi ambayo diwani haina: ina msomaji mmoja anayejua kila kitu, na neno dogo likimfikia yeye linatosha. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, aliuanza kwa kumwita akae karibu yake. Umesomwa na maelfu tangu hapo, lakini uliandikwa kwa mtu mmoja. Tukidharau mashairi ya tukio tunasahau kwamba mojawapo ya tungo tunazozitukuza lilikuwa neno la mama kwa mwanawe.

Mshororo wa tatu ndio uliotuletea ubishi. Shangazi aliusoma kwenye simu, akanyamaza, kisha akasema, "Hii ya kazi nzito itasomwa mbele za watu? Siku ya furaha?" Hoja yake ni nzito, na wahakiki tusiipuuze. Kadi ni sehemu ya sherehe. Ina adabu yake, na adabu hiyo inadai usimwage maji kwenye moto wa wenzio. Ndiyo maana nasema kadi nyingi hazidanganyi kwa ubaya, zinadanganya kwa adabu. Nilimweleza kwamba mtoto anajua Novemba ipo kuliko sisi wote, na kwamba usipoitaja ataona unamzungumzia mtu mwingine. Nikampa na njia ya kupita kando: kuuacha mshororo huo, abaki na mitatu, ubeti uwe tathlitha, ambayo nayo ni bahari halali. Akasema ngoja. Akausoma wa nne. Akasema, "Acha hivyo hivyo. Huu wa kiti ndio unaubeba ule."

Alisoma vizuri kuliko mimi niliyeandika. Mshororo wa tatu peke yake ni onyo. Ukifuatwa na "liwe liwalo", onyo linapata mtu wa kusimama nyuma yake. Mama hasemi utashinda, maana hajui. Anasema anachokijua na kilicho mikononi mwake: nyumba ni yake, na kiti kipo. Januari, matokeo yoyote yatakayotoka, sentensi hiyo itakuwa bado kweli. Ni kadi chache mno zinazoweza kuvuka Januari.

Neno kuhusu sarufi hapo. Ningeweza kuandika "kwetu kuna chako kiti", mizani nane vile vile, na mabingwa wa bahari wangenipitishia, kwa kuwa kupindua "kiti chako" ni ruhusa ya zamani ya washairi. Lakini ruhusa hiyo ina bei. Kwenye shairi refu sikio linazoea. Kwenye ubeti mmoja unaosemwa na mama, "chako kiti" inamfanya mama aongee kama mtahini. "Nyumbani unacho kiti" ndivyo anavyoongea. "Lakwita" nimeiacha na ladha yake ya pwani kwa sababu mbili: "linakuita" ingezidisha mizani, na mishororo ya kadi inapendeza ikiwa na neno moja linalokumbusha kwamba hili ni shairi na si ujumbe wa simu.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Mshororo wa mizani kumi na sita ni mpana kuliko kadi iliyokunjwa. Wachapaji wengi wanaanza kuandika, nafasi ikiisha wanashuka chini, popote pale. Matokeo yake "bado" inabaki juu na "lakwita dawati" inashuka, kina cha kati kinazama katikati ya mstari, na msomaji wa kwenye kipaza sauti anajikwaa. Dawa ni kukata kwenye mkato wa ubeti wenyewe: kila kipande mstari wake, mistari minane ya mizani nane. Kidato juu, cheti chini yake, moto, shati, nzito, dawati, mtoto, kiti. Vina vinapokezana mbele ya macho, na hata asiyejua neno ukwapi atajua wapi pa kupumua.

Nikirudi kwenye swali la hapo juu, la kwa nini ubeti wa kwanza hausemi kitu ingawa umetimiza kila sheria, nadhani kipimo rahisi ni hiki. Funika ubeti wote, bakiza vina tu, uvisome kutoka juu kwenda chini. Wa kwanza unakupa: nakupatia, imeingia, umefikia, atakujalia, shuleni, mitaani, mtihani, angani. Huwezi kujua ni nani, wapi, wala nini kilimpata. Wa pili unakupa: kidato, moto, nzito, mtoto; cheti, shati, dawati, kiti. Mtu ambaye hajawahi kuifikia nyumba ile anaweza kuketi na maneno hayo manane akakusimulia miaka minne ya binti mmoja, na asikosee sana.